Gemu inataka GTX 1060, dukani haipo: kadi nne za leo uso kwa uso

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, dogo mmoja anayesoma Iringa alinifikia kibandani Mwanjelwa akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye blanketi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umebeba mtoto?"

"Kompyuta. Nimeipakata kutoka Iringa, niliogopa kuiweka kwenye buti."

Ilikuwa ile mashine ndogo ya ofisi ya mtumba ambayo kila mtu anaijua: sanduku jembamba, prosesa ya i5-7500, RAM ya GB 16, na hakuna kadi ya grafiki. Alikuwa anataka kucheza Red Dead Redemption 2. Kwenye simu yake alikuwa amehifadhi picha ya masharti ya gemu, mistari miwili iliyomsumbua ikiwa ni hii:

```
Minimum:     GTX 770 2GB  / R9 280 3GB
Recommended: GTX 1060 6GB / RX 480 4GB
```

Mstari wa kwanza ni kiwango cha chini, wa pili ni kile kinachopendekezwa. Dogo alikuwa ameshazunguka maduka mawili. La kwanza walimwambia kadi hizo hazipo tena. La pili walimwambia achukue GTX 1650, "kwa sababu 1650 ni kubwa kuliko 1060, namba inajieleza." Hapo ndipo akapata wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa na msingi, maana hiyo sentensi si kweli.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya yeyote aliyekwama mahali hapo hapo: gemu inataja kadi ya zamani, sokoni kuna majina mengine, na hujui lipi linasimama badala ya lipi. Nitatumia gemu hiyo moja na kadi nne ambazo mtu wa huku kwetu anaweza kuzipata, iwe kwa kununua hapa mjini au kwa kuagiza Kariakoo zikapanda na basi: GTX 1650, RX 6400, RTX 3050 ya GB 6, na RX 580 ya GB 8.

Kusoma jina la kadi

Jina la kadi ya NVIDIA, kampuni inayotoa GTX na RTX, lina sehemu mbili. Tarakimu mbili za mwisho ni ngazi ya kadi ndani ya familia yake, na zile za mbele ni kizazi. GTX 770 ni kizazi cha 7, ngazi ya 70. GTX 1060 ni kizazi cha 10, ngazi ya 60. GTX 1650 ni kizazi cha 16, ngazi ya 50. Kwa hiyo 1650 ni mdogo wa ukoo wa karibuni, na 1060 ni wa kati wa ukoo wa zamani. Ukiwapambanisha, 1060 ya GB 6 bado iko mbele, takriban asilimia 15 hadi 20 kulingana na gemu. Muuzaji alisoma namba kama bei ya nyanya.

Mtego wa pili ni kuhesabu viini. GTX 770 ya mwaka 2013 ina viini 1536. GTX 1060 ya mwaka 2016 ina 1280. Ukisimamia hesabu hiyo utasema ile ya zamani ina nguvu zaidi, wakati 1060 inaiacha mbali sana, tena inakula wati 120 badala ya 230. Kiini cha kizazi kimoja hakilingani na kiini cha kizazi kingine, ndiyo maana hesabu ya viini inafaa tu unapolinganisha ndugu wa familia moja. Huko inafaa kweli, na tutaihitaji tukifika kwenye RX 580.

Njia ninayoitumia ni kupanda ngazi moja moja. Kadi ya ngazi ya 70 ya kizazi fulani hufikiwa na ya ngazi ya 60 ya kizazi kinachofuata, kisha na ya 50. GTX 770 ilikaribiwa na GTX 960, halafu GTX 1050 Ti ikawa hapo hapo, na GTX 1650 ikapita. Tayari umepata jibu la mstari wa kwanza: kadi ndogo ya wati 75 leo inafanya kazi iliyokuwa inataka kadi ya wati 230. Kwa GTX 1060 ngazi inapitia GTX 1650 Super na kuishia jirani ya RTX 3050 ya GB 6.

Lakini usiishie kwenye ngazi. Angalia tena masharti: kila mstari una majina mawili. Jina la pili, la AMD mshindani wa NVIDIA, ni tafsiri ambayo watengenezaji wa gemu wenyewe wamekupa bure. Wamesema GTX 1060 6GB au RX 480 4GB. Hapo umejua mambo mawili. Kwanza, kadi yoyote yenye nguvu ya RX 480 inakubalika. Pili, na hili watu wengi hulipita, GB 6 si sharti la gemu hii. Imeandikwa "6GB" kwa sababu kulikuwa na GTX 1060 nyingine ya GB 3 yenye viini 1152 tu, na walitaka kuitenga. Upande wa AMD GB 4 zimetosha. Kwa hiyo kadi ya GB 4 haianguki kwenye mtihani huu kwa sababu ya memori peke yake.

Baada ya hapo ndipo nenda kwenye orodha ya kadi ya tovuti ya TechPowerUp, fungua ukurasa wa GTX 1060 6GB, na uangalie mchoro wa `Relative Performance`. Kadi uliyofungua inawekwa asilimia 100, nyingine zinapangwa juu na chini yake. Ichukulie kama makadirio. Ukipata video ya mtu aliyeipima gemu yenyewe kwa kadi unayoitaka, hiyo ndiyo yenye uzito zaidi, ili mradi prosesa yake isiwe ya daraja la juu mno kuliko yako.

Vigezo

Nne nitazipima kwa mambo manne, kwa mpangilio huo huo kila mara.

La kwanza ni nguvu, ikipimwa dhidi ya GTX 1060 6GB. La pili ni memori ya kadi, pamoja na upana wa njia inayoiunganisha na mashine. La tatu ni umeme na nafasi. Hili ndilo linaloua ndoto nyingi, kwa sababu mashine nyingi tulizonazo Nyanda za Juu Kusini ni za ofisi, na pawa saplai zake ni ndogo na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. La nne ni umri: draiva bado zinatoka, na kadi inazielewa lugha za gemu mpya?

Kwenye hilo la nne kuna jambo la kuchekesha kidogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

```
dxdiag
```

Kwenye ukurasa wa `Display` tafuta `Feature Levels`. Kwa mashine ya dogo, grafiki ya ndani ya prosesa, ile Intel HD 630, ilionyesha 12_1. GTX 770 inaishia 11_0. Yaani grafiki ya ndani inaijua lugha mpya zaidi kuliko GTX 770, lakini kwa nguvu haiifikii hata kwa kuota. Kuijua lugha na kuwa na misuli ni vitu viwili, na gemu inataka vyote. Kuna gemu zitakataa kufunguka kwenye kadi yenye nguvu kwa sababu tu haina kipengele fulani, na hapo hakuna kupunguza mipangilio kutakakosaidia.

Kabla ya jedwali, tulifungua sanduku la dogo pale mezani. Pawa saplai yake ina karatasi ubavuni: wati 180. Prosesa imeandikiwa wati 65. Bodi, RAM, diski na feni mimi huzitengea 30. Zinabaki 85. Hakuna waya wa pini 6 wala 8, kwa hiyo kadi italazimika kula kupitia sloti yenyewe, ambayo kikomo chake ni wati 75. Na kimo cha sanduku hakiruhusu kadi ya kawaida, inatakiwa ile fupi. Ukitafuta mtandaoni andika `Low Profile`, na hakikisha kwenye boksi kuna kile kipande kifupi cha bati cha nyuma. Kadi nyingi fupi huuzwa zikiwa na bati refu limefungwa, lile fupi liko kwenye mfuko wa pembeni, na kwenye mtumba mfuko huo huwa umeshapotea.

| Kadi | Mwaka | Memori | Wati | Njia za data |
|---|---|---|---|---|
| GTX 1060 6GB (inayotajwa) | 2016 | GB 6 | 120 | 16 |
| GTX 1650 | 2019 | GB 4 | 75 | 16 |
| RX 6400 | 2022 | GB 4 | 53 | 4 |
| RTX 3050 6GB | 2024 | GB 6 | 70 | 8 |
| RX 580 8GB | 2017 | GB 8 | 185 | 16 |

GTX 1650

Nguvu: iko juu ya GTX 770, chini ya GTX 1060. Kwa gemu yetu maana yake unapita kiwango cha chini kwa raha na unakaribia kile kinachopendekezwa bila kukigusa. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 utacheza kwa mchanganyiko wa mipangilio ya chini na ya kati.

Memori: GB 4, lakini njia zake 16 zote zipo, hata kwenye mashine ya zamani. Memori ikijaa, kadi huazima RAM ya kompyuta, na njia pana hupunguza maumivu ya kuazima huko.

Umeme na nafasi: hapa lazima ufungue macho. Muundo wa msingi ni wati 75 bila waya, na matoleo mafupi yapo. Lakini watengenezaji wengi waliiongezea kasi na kuiwekea tundu la pini 6. Kadi ya namna hiyo kwenye mashine ya ofisi haina kazi. Omba picha ya ubavu wa juu wa kadi kabla hujatuma hela. Ukiona tundu jeusi la plagi, achana nayo.

Umri: ni ya kizazi cha Turing, bado inapata draiva za gemu. Haina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, ile `ray tracing`, kwa hiyo gemu mpya zinazolazimisha hilo hazitafunguka. Haitumii DLSS pia, ile mbinu ya NVIDIA ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili gemu iende kasi, ila RDR2 iliongezewa FSR 2 ya AMD, inayofanya kazi kama hiyo, mwaka 2022, na hiyo kadi yoyote inaitumia.

Inamfaa mwenye mashine ya ofisi na bajeti ya mtumba, ambaye gemu zake nyingi ni za kabla ya 2020.

RX 6400

Hii ndiyo kadi niliyoitafakari zaidi, kwa sababu kwenye karatasi inavutia: mpya zaidi kuliko 1650, wati 53 tu, matoleo mengi ni mafupi na membamba ya sloti moja. Kwenye mashine ya dogo ingeacha wati 32 za akiba. Pia kuna sanduku za ofisi ambazo pawa saplai imekaa kifuani mwa sloti, na kadi nene ya sloti mbili haiingii hata ukiisukuma kwa maombi. Huko RX 6400 huwa ndiyo pekee inayokaa.

Shida ni zile njia nne. Kadi imetengenezwa kwa mashine zenye sloti ya kizazi cha nne, PCIe 4.0, ambako njia nne zina upana wa kutosha. Mashine ya i5-7500 ni PCIe 3.0, na huko kila njia hupitisha nusu. Anayepanda mlima Kitonga anajua hali ilivyo: malori yote kwenye mstari mmoja, mbele kuna semi limepakia, na wewe una gari zuri tu lakini unatembea kwa mwendo wa semi. GB 4 zikitosha, hutaona tofauti kubwa. Zikijaa, data inaanza kusafiri kupitia Kitonga, na gemu inakwama-kwama kila ukigeuza kamera.

Kwa hiyo nguvu yake inategemea imekaa wapi. Kwenye PCIe 4.0 iko jirani na GTX 1650. Kwenye PCIe 3.0 inashuka chini yake. Kwa upande wa Intel, PCIe 4.0 ilianza na prosesa za kizazi cha 11 kwenye bodi zinazoikubali.

Namna ya kujua kama tatizo ni hilo: fungua `Task Manager`, ukurasa wa `Performance`, bofya `GPU`. Kuna mistari miwili, `Dedicated GPU memory` na `Shared GPU memory`. Wa kwanza ukiwa umefika ukingoni na wa pili unapanda huku gemu inakwama, memori imejaa na kadi inaazima. Punguza ubora wa maumbile, yale yanayoitwa `Texture Quality`, kwanza kabla ya kitu kingine chochote. RDR2 yenyewe inaonyesha mstari wa matumizi ya memori kwenye ukurasa wa mipangilio, kwa hiyo huhitaji kubahatisha.

Umri: lugha zake ni mpya, hata miale ya mwanga inaijua, japo kwa GB 4 usitarajie kuifaidi. Na jambo moja la kumwambia anayerekodi anavyocheza ili apandishe video: kadi hii haina kifaa cha kusimba video. Kazi ya kurekodi itaangukia prosesa au grafiki yake ya ndani, na i5 ya viini vinne ikiibeba kwa viini vyake italemewa.

Inamfaa mwenye mashine ya karibuni yenye PCIe 4.0, au mwenye sanduku jembamba kupita yote.

RTX 3050 ya GB 6

Nguvu: kati ya kadi zinazoishi bila waya wa ziada, hii ndiyo inayoifikia GTX 1060 na kuipita kidogo. Iko karibu na GTX 1660. Kwa tafsiri ya mstari wa pili wa masharti, ndiyo iliyo karibu zaidi na neno kwa neno.

Memori: GB 6, sawa na ile inayotajwa. Njia zake ni 8, ambazo kwenye PCIe 3.0 zinapunguza kidogo tu, kwa sababu memori haijai mapema.

Umeme na nafasi: wati 70. Kwa hesabu ya mashine ya dogo, 65 na 70 na 30 ni 165, zimebaki 15. Ni kubana, sitakudanganya, ingawa prosesa hiyo mara chache hula wati zake zote wakati kadi nayo inakula zote. Matoleo mafupi yapo, mengi ni ya unene wa sloti mbili, kwa hiyo pima nafasi kwa rula kabla.

Mtego wake uko kwenye jina. Kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8, viini 2560 badala ya 2304, wati 130, na inataka waya. Zote mbili zinaitwa RTX 3050. Muuzaji akikuandikia "RTX 3050" tu, muulize GB ngapi, kisha omba picha. Ile ya GB 8 ina nguvu zaidi, hivyo anaweza kudhani anakupa ofa, kumbe kwako ni tofali.

Umri: ndiyo changa kuliko zote nne, ina DLSS ambayo RDR2 inaikubali tangu 2021, na inafungua hata gemu zinazolazimisha miale ya mwanga kama memori itatosha. Ndiyo ghali kuliko zote nne pia. Bei sitaji, kwa sababu niliyoandika mwezi uliopita ukutani kibandani kwangu tayari imefutwa mara mbili.

Inamfaa mwenye mashine ya ofisi anayetaka kukifikia kiwango kinachopendekezwa, na anayefikiria gemu za baadaye.

RX 580 ya GB 8

Hapa tafsiri ni rahisi kuliko zote. RX 580 ni RX 480 iliyoongezewa kasi, chipu ya familia ile ile, viini 2304 vile vile. Gemu imetaja RX 480, kwa hiyo kadi hii ni jibu la moja kwa moja. Inalingana na GTX 1060 6GB, na kwa GB 8 inaweza kubeba maumbile ya ubora wa juu kuliko nyingine zote hapa.

Ila ni kadi ya mashine kubwa. Wati 185, waya wa pini 8, kimo kamili. Kwa dogo hesabu ingekuwa 65 na 185 na 30, yaani 280 juu ya pawa saplai ya 180. Najua utaona mtandaoni adapta za kugeuza waya wa diski kuwa pini 8. Nilishawahi kuifunga moja kwenye mashine yangu mwenyewe, nikajiona mjanja. Siku ya tatu nilisikia harufu kama sufuria ya plastiki iliyosahaulika jikoni, nikachomoa plagi ukutani, na nilipofungua kava ile plagi nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya karanga. Kadi ilipona, waya haukupona. Dalili ya pawa saplai kuzidiwa bila moshi ni hii: mashine inazimika ghafla kama umeme umekatika, hasa gemu inapoanza kuwa nzito, wakati taa za nyumbani zinawaka.

Kwenye ununuzi nayo ina la kwake. Kuna toleo linaloitwa RX 580 2048SP, ambalo kwa viini ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Hapa ndipo hesabu ya viini inapofaa. Fungua programu ya GPU-Z, soma mstari wa `Shaders`. Ikisema 2304 ni yenyewe, ikisema 2048 punguza bei au rudisha. Programu hiyo hiyo huandika `[FAKE]` mbele ya jina la kadi ikigundua chipu ya zamani iliyobandikwa jina jipya, jambo lililowapata sana wanunuzi wa GTX 1050 Ti za bei ya kutupa. Na kwa kuwa RX 580 nyingi zilichimba sarafu za kidijitali mchana na usiku, omba uione ikiendesha gemu kwa nusu saa nzima. Kuwaka tu na kuonyesha picha ya Windows hakutoshi.

Umri: ni ya 2017, na AMD iliihamishia kwenye kundi la draiva zinazotoka kwa nadra mwaka 2023. Miale ya mwanga haina. GTX 1060 yenyewe, kama utaibahatisha ya mtumba, iko kwenye hali kama hiyo: NVIDIA ilifunga draiva za gemu za familia hiyo mwaka 2025, zikabaki viraka vya usalama. Kwa RDR2 haijalishi. Kwa gemu itakayotoka mwakani inajalisha.

Inamfaa mwenye mashine ya kimo kamili na pawa saplai ya wati 500, anayetaka nguvu nyingi kwa hela kidogo na anayejua kukagua mtumba.

Monita, kabla hujalipa

Hizi kadi hazina tundu la VGA. Monita nyingi za mtumba huku ni za VGA. Zile adapta ndogo za DVI kwenda VGA hazifanyi kazi hapa, kwa sababu tundu la DVI la kadi za leo limebeba dijitali tupu. Kuna siku nilikesha nikilaumu kadi ambayo haikuwa na kosa. Unahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani. Kiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kwa hali yako

Kama mashine ni ya ofisi, PCIe 3.0, haina waya wa ziada, na pesa inabana: GTX 1650 isiyo na tundu la pini 6. Utakuwa umepita mstari wa kwanza wa masharti kwa umbali mzuri, na wa pili utaukaribia kwa msaada wa FSR.

Mashine hiyo hiyo, lakini unaweza kusubiri mwezi mmoja au miwili ujazie hela: RTX 3050 ya GB 6, ukishapima unene. Kama gemu unazozitazamia zinataja kadi ya RTX kwenye kiwango cha chini, kati ya hizi nne anzia hapa, na bado linganisha memori wanayotaka.

Kama sanduku haliwezi kubeba kadi nene, au pawa saplai imebana kiasi kwamba wati 70 zinakutia hofu: RX 6400, na ukiwa PCIe 3.0 jizoeze kushusha ubora wa maumbile mapema.

Kama una mnara wa kimo kamili wenye pawa saplai ya kueleweka: RX 580 ya viini 2304, ukiwa na GPU-Z kwenye flashi siku ya kununua.

Na kama masharti ya gemu yako yanataja GTX 770 au GTX 960 kwenye kile kinachopendekezwa, si kwenye kiwango cha chini, usinunue nguvu usiyoihitaji. Hata GTX 1050 Ti ya mtumba iliyokaguliwa itakufikisha.

Dogo alipima kwa rula mara tatu. Sloti mbili zinaingia, zimebaki milimita chache kufika kwenye pawa saplai. Hela aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya GTX 1650, na aliyoahidiwa na mjomba wake ingetosha 3050. Alikaa kibandani mpaka saa kumi jioni akipiga simu kwa mjomba, halafu akafunga tena kompyuta kwenye blanketi. "Kaka," akasema, "hata kadi ikija, hizo GB 150 za gemu nitazishusha kwa bando la nani?" Nilimwambia aje na diski ya nje, gemu ninayo, atainakili kwangu kisha aingie kwa akaunti yake mwenyewe.